Pafu la Mtoto Ndani ya Kifua cha Mtu Mzima

Mnamo Agosti 1967 jarida la tiba la Lancet, linalotoka London, lilichapisha makala fupi ya madaktari wanne wa Denver, Marekani: David Ashbaugh, Boyd Bigelow, Thomas Petty na Bernard Levine. Walikuwa wamepitia wagonjwa 272 waliohitaji kusaidiwa kupumua. Kati yao, 12 waliwachanganya kichwa. Saba walikuwa wameumia vibaya ajalini, wanne walionekana kuwa na maambukizi ya virusi, na mmoja alikuwa na ugonjwa wa kongosho. Ukiwapanga kwa chanzo cha ugonjwa, hawana undugu wowote. Lakini saa kadhaa au siku chache baadaye wote waliangukia shimo moja: pumzi za harakaharaka, midomo ya bluu, mapafu magumu kupuliza, na oksijeni ya damu ambayo haikupanda hata ukiwafungulia mtungi mzima. Saba kati ya hao 12 walikufa.

Walipopasuliwa baada ya kufa, mapafu yao yalikuwa mazito na mekundu, yamejaa majimaji, mfano wa ini. Chini ya hadubini yalifanana na mapafu ya watoto njiti wanaozaliwa kabla ya mapafu yao kukomaa. Ndiyo maana ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina la ule wa watoto, likiongezwa neno la "watu wazima". Baadaye, mwaka 1994, neno hilo lilibadilishwa kuwa "wa ghafla", kwa sababu watoto nao huupata. Kwa kifupi cha Kiingereza unaitwa ARDS. Kwa Kiswahili tuseme ugonjwa wa ghafla wa mapafu kushindwa kazi.

Historia ya ugonjwa huu ina kisa ambacho watu wengi nje ya wodi hawakijui. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari waliikimbiza namba moja, ile ya oksijeni, wakiamini kwamba ikipanda mgonjwa anapona. Halafu ukaja utafiti uliowaonyesha kwamba kundi lenye namba nzuri zaidi ndilo lililokuwa linakufa zaidi.

Ukuta unaovuja

Kwanza tuelewe kinachoharibika. Pafu ni vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kikiwa kimezungushiwa mishipa myembamba ya damu. Kati ya hewa na damu kuna ukuta mwembamba kuliko karatasi, na oksijeni inapita hapo. Kwenye ARDS ukuta huo unaanza kuvuja. Maji ya damu yenye protini yanaingia ndani ya vifuko, na kile kiowevu chenye utelezi kinachovizuia visinywee kinaharibika. Kifuko kimoja kinajaa, kingine kinanywea.

Sababu za kuvuja zinaingia kwa njia mbili. Kuna zinazolipiga pafu lenyewe: nimonia, matapishi yaliyoingia kwenye njia ya hewa, moshi, kuzama majini. Na kuna zinazotoka mbali: maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, kongosho lililovimba, mifupa iliyovunjika vibaya, kuongezewa damu nyingi. Hapa kinga ya mwili, kwa kupambana na adui aliyeko tumboni au mguuni, inamwaga kemikali zinazosafiri na damu hadi kwenye mapafu. Ndiyo maana wale 12 wa Denver walikuwa na magonjwa tofauti na kifua kimoja.

Sasa, kwa nini oksijeni haipandi? Mtu wa kawaida atasema, mwongezee. Tatizo ni kwamba oksijeni unayoongeza inakwenda kule ambako hewa bado inafika, na huko damu tayari imeshiba.

Chukulia mabasi mawili yanayotoka kituoni kwa pamoja. La kwanza limepita mlango wenye abiria, viti vyake vyote 100 vimejaa. La pili limepita mlango uliofungwa, likaondoka na wale abiria 70 waliobaki kutoka safari iliyopita. Ukijumlisha, mabasi mawili yana abiria 170 kwenye viti 200, yaani asilimia 85. Ukileta umati wa watu kwenye mlango wa kwanza, hakuna kitakachobadilika. Basi lile limejaa, na umati hauwezi kujaza viti vya basi lililopita mlango uliofungwa.

Damu inafanya hivyohivyo. Sehemu inayopita kwenye vifuko vyenye hewa inatoka imeshiba. Sehemu inayopita kwenye vifuko vilivyojaa maji inatoka kama ilivyoingia, na zote mbili zinakutana upande wa kushoto wa moyo. Nusu kwa nusu, kipimo cha kidoleni kinasoma 85. Dawa ya hali hiyo ni kuufungua mlango wa pili, au kuifanya damu isipite pale. Madaktari wa Denver walishaona njia moja: waliacha presha kidogo ibaki ndani ya mapafu mwishoni mwa kila pumzi, ili vifuko visinywee kabisa. Oksijeni ilipanda, na njia hiyo inatumika mpaka leo.

Enzi ya pumzi kubwa

Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitilia shaka. Mtu aliyepumzika anavuta hewa kama mililita 6 au 7 kwa kila kilo ya mwili wake. Mashine za miaka ya 60 na 70 zilisetiwa zimpe mgonjwa mililita 10 hadi 15. Desturi hiyo ilitoka kwenye chumba cha upasuaji, ambako ilionekana kwamba mgonjwa aliyepewa ganzi akipumua pumzi ndogondogo, sehemu za mapafu zinanywea na oksijeni inashuka. Pumzi kubwa ilirudisha oksijeni. Kwa mapafu mazima na kwa saa chache, haikuwa hoja mbaya. Kwenye wodi ya wagonjwa mahututi ilihamishwa kama ilivyo na kutumika kwa siku na wiki, kwa mapafu yaliyokwisha kuumia.

Onyo la mapema lilitoka kwa panya. Mwaka 1974 Herbert Webb na Donald Tierney, watafiti wa Marekani, waliwaunganisha panya wenye mapafu mazima na mashine. Waliopuliziwa kwa presha ndogo hawakupata shida. Waliopuliziwa kwa presha ya sentimita 45 za maji, bila kubakiziwa presha mwishoni mwa pumzi, mapafu yao yalijaa maji na walikufa ndani ya saa moja. Panya hawa hawakuwa na nimonia wala jeraha. Ugonjwa waliokufa nao ulitengenezwa na mashine. Lakini panya ni panya, wodi ziliendelea na pumzi zao kubwa.

Kipande cha pili kilitoka Milan, Italia, katikati ya miaka ya 80. Luciano Gattinoni na wenzake waliwapiga wagonjwa wa ARDS picha za CT, zinazoonyesha mwili kama mkate uliokatwa vipande. Kwenye eksirei ya kawaida mapafu ya wagonjwa hao yanaonekana meupe kote, na kila mtu aliamini kwamba pafu lote limekuwa gumu. CT ilionyesha kitu tofauti. Mgonjwa akilala chali, sehemu za nyuma, upande wa mgongo, zimejaa na kunywea. Za mbele, chini ya mbavu za kifua, zina hewa. Kiasi cha pafu lenye hewa kwa mgonjwa aliyezidiwa kilikuwa sawa na pafu la mtoto mzima wa afya wa miaka mitano au sita. Na kilichowashangaza zaidi, sehemu hiyo ndogo ilivutika karibu kama kawaida. Tatizo lilikuwa udogo, ugumu ulikuwa wa kudhaniwa. Gattinoni akaiita "pafu la mtoto".

Hapo ndipo hesabu ya zamani inapotisha. Ukimpa mtu mzima pumzi ya lita nzima, hewa haijigawi sawa kifuani. Inakwenda palipo wazi, na palipo wazi ni pafu la mtoto wa miaka mitano. Sehemu pekee iliyokuwa imesalimika ndiyo inayovutwa mpaka inachanika, na ukuta wake nao unaanza kuvuja.

Sentimita za urefu

Miaka ya 90 wachache walianza kupunguza pumzi, mmojawapo Keith Hickling huko New Zealand, na kuikubali kaboni dayoksaidi ipande. Wengine waliona ni kumnyima mgonjwa hewa. Ubishi ulihitaji kumalizwa na jaribio kubwa, na kuanzia mwaka 1996 vituo vya vyuo vikuu 10 vya Marekani vikaanza kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa mililita 12 kwa kilo, jingine 6.

Kilo zipi? Hili ndilo jambo dogo lenye uzito kuliko yote. Mtu akinenepa mapafu yake hayaongezeki. Ukubwa wa mapafu unafuata urefu na jinsia. Kwa hiyo watafiti hawakutumia mizani, walitumia futi ya kupimia na hesabu hii:

```
Mwanamke: 45.5 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4)
Mwanaume: 50 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4)
```

Tumchukue mama wa mfano, mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 85. Toa 152.4 kwenye 160, unapata 7.6. Zidisha kwa 0.91, ni kama 6.9. Ongeza 45.5, jibu ni kilo 52.4. Kwa mililita 6, pumzi yake ni kama mililita 314, chini kidogo ya soda ya kopo. Sasa fikiria daktari wa zamani anayetumia mizani na mililita 12: 85 mara 12, anampa mililita 1,020. Ni zaidi ya mara tatu, na yote inaingia kwenye pafu la mtoto.

Pumzi ikishasetiwa kazi haijaisha. Mashine inasimamishwa kwa nusu sekunde hivi hewa ikiwa ndani, ili isomwe presha iliyotulia kwenye vifuko. Ikizidi sentimita 30 za maji, pumzi inapunguzwa tena, hadi mililita 5, hata 4 kwa kilo. Kwa kuwa pumzi ni ndogo, idadi yake kwa dakika inaongezwa, mpaka 35 ikibidi. Kaboni dayoksaidi inapanda hata hivyo na damu inakuwa na asidi kidogo, nayo inavumiliwa kwa kiasi. Na oksijeni? Lengo lilikuwa la unyenyekevu: kipimo cha kidoleni kisome kati ya 88 na 95. Hakuna aliyekuwa anatafuta 100.

Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, baada ya wagonjwa 861, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno. Matokeo yalichapishwa Mei 2000. Kwenye kundi la pumzi kubwa walikufa asilimia 39.8, kwenye la pumzi ndogo asilimia 31. Yaani katika kila wagonjwa 100, takriban tisa waliishi ambao kwa desturi ya zamani wangezikwa.

Kisha kuna ule mstari ambao ningependa kila msomaji asimame nao. Siku za mwanzo, oksijeni ilikuwa nzuri zaidi kwa kundi la pumzi kubwa. Daktari wa zamu aliyepita asubuhi, akatazama karatasi za vitanda viwili, angesema huyu wa mililita 12 anaendelea vizuri. Pumzi kubwa ilikuwa inafungua vifuko vilivyonywea, namba ikapanda, huku hivyo vilivyo wazi vikichanika. Pafu linalochanwa linamwaga tena zile kemikali za uvimbe kwenye damu, zinafika kwenye figo, ini na moyo. Wagonjwa wengi wa ARDS hawafi kwa kukosa oksijeni. Wanakufa viungo vikifuatana kuzima kama taa za mtaa. Kwenye kundi la pumzi ndogo kemikali hizo zilipungua, na siku ambazo viungo vingine viliendelea kufanya kazi ziliongezeka.

Kifudifudi

Somo hilohilo lilirudi kwa njia ya kumgeuza mgonjwa. Wazo la kumlaza kifudifudi ni la tangu 1974, na mwaka 1976 Piehl na Brown walieleza wagonjwa watano ambao oksijeni yao ilipanda walipogeuzwa. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mtu akilala chali, moyo unakalia mapafu, tumbo linasukuma kutoka chini, na sehemu kubwa ya pafu, ambayo iko mgongoni, inabanwa kama sifongo chini ya gunia. Akigeuzwa, mgongo unafunguka. Damu nayo, kwa jinsi mishipa ilivyopangwa, inaendelea kwenda kwa wingi upande wa mgongo hata mtu akiwa kifudifudi. Kwa hiyo damu ileile iliyokuwa inapita mlango uliofungwa sasa inakuta mlango wazi.

Gattinoni alilijaribu kwa wagonjwa 304, na matokeo yakatoka mwaka 2001. Waligeuzwa kwa saa kama saba kwa siku, kwa siku 10. Oksijeni ilipanda vizuri. Vifo havikupungua. Wengi wakasema, basi, ni mchezo wa namba tu.

Claude Guérin, wa Lyon, Ufaransa, hakuachana nalo. Aliwachukua wagonjwa waliozidiwa hasa, 466, wote wakiwa tayari kwenye pumzi ndogo, na waliogeuzwa walilazwa hivyo kwa saa 16 au zaidi mfululizo. Mwaka 2013 alichapisha matokeo: baada ya siku 28, waliobaki chali walikufa asilimia 32.8, waliogeuzwa asilimia 16. Vifo vilikuwa nusu.

Watafiti waliporudia kuzichambua takwimu hizo, waliona kwamba kupona hakukutegemea oksijeni kupanda baada ya kugeuzwa. Hata ambao namba yao haikusogea walifaidika. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kifudifudi hewa inagawanyika kwa usawa zaidi, pafu la mtoto linakuwa kubwa kidogo, na mvutano haukusanyiki sehemu moja. Saa 16 zinampa mgonjwa saa 16 za kutochanwa. Saa saba, halafu kurudi chali, ni nusu dozi.

Kazi yenyewe haina mashine ya ajabu. Inataka watu wanne au watano, mmoja akikaa kichwani na mikono yake isiachie mpira wa kupumulia, kwa sababu ukichomoka mgonjwa ana dakika chache tu. Wengine wanashika mabega, nyonga na mirija. Shuka zinakunjwa pamoja, anasogezwa pembeni, analazwa ubavu, anamaliziwa. Halafu kila baada ya saa chache kichwa kinageuzwa upande, kwa sababu vidonda vya shinikizo vinatokea shavuni na kwenye kidevu. Mwaka 2020, Uviko ulipofika, dunia nzima iliona picha za wodi zilizojaa migongo. Kwa wengi ilionekana ni ubunifu wa dharura. Ilikuwa mbinu ya karibu miaka 50.

Kigali, bila mashine

Mpaka hapa tumezungumzia wodi zenye mashine. Na huko nako mambo hayajanyooka: uchunguzi wa nchi 50 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba madaktari waliitambua ARDS kwa wagonjwa sita tu hivi katika kila 10 waliokuwa nayo, na waliozidiwa sana waliolazwa kifudifudi hawakufika hata mmoja kati ya sita. Hesabu ya urefu haina gharama, lakini lazima mtu akumbuke kuchukua futi.

Kwetu tatizo lilianzia nyuma zaidi. Kwa tafsiri rasmi ya mwaka 2012, ili uhesabiwe una ARDS ulipaswa uwe kwenye mashine, upimwe oksijeni kwa damu ya ateri, na upigwe picha ya kifua. Elisabeth Riviello na wenzake wakaenda hospitali ya rufaa mjini Kigali, wakawachunguza watu wazima wote 1,046 waliolazwa kwa wiki sita. Kwa tafsiri hiyo, hakukuwa na mgonjwa hata mmoja wa ARDS. Kwa karatasi, Kigali ilikuwa salama.

Wakalegeza masharti. Kipimo cha kidoleni badala ya damu ya ateri, altrasaundi ya kifua pale isipopatikana eksirei, na sharti la mashine likaondolewa. Ghafla walikuwepo wagonjwa 42, asilimia 4 ya wote. Wengi wao hawakufika kabisa kwenye wodi ya mahututi. Nusu yao, 21, walikufa hospitalini. Kati ya walioishi na waliokufa, hakuna aliyekuwa kwenye hesabu ya dunia kabla ya hapo. Masharti hayo ya Kigali, yaliyochapishwa mwaka 2016, ndiyo yaliyofungua njia: tafsiri mpya ya kimataifa iliyotangazwa mwaka 2023 inakubali kipimo cha kidoleni na altrasaundi, na ina kipengele kwa ajili ya hospitali zisizo na vifaa.

Bado hakuna dawa ya kuuziba ukuta unaovuja. Kinachofanyika ni kutibu chanzo, kulinda kipande cha pafu kilichobaki, na kungoja mwili ujijenge. Kwa hiyo ukikuta ndugu yako amelazwa kwenye mashine, na kioo kinasoma 90, usianze kugombana na nesi kwa nini haisomi 100. Muulize, kwa heshima, kama mgonjwa amepimwa urefu.